Ripita imejaa netwaki ila intaneti inasuasua: ile mistari inakuambia habari nusu

Lalamiko linakuja karibu kila mara kwa maneno yaleyale: netwaki imejaa lakini spidi hamna. Simu inaonyesha mistari yote ya waifai, meseji zinaingia kwa mafungu, vidio inacheza kidogo inaganda, ukipiga simu ya vidio unaona sura ya mtu imekwama mdomo wazi, alafu ghafla vyote vinakaa sawa dakika kadhaa mpaka unaanza kujiona we ndo mwenye haraka, kisha vinaharibika tena. Ukiuliza unakuta kuna ripita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea waifai ya ruta na kuirusha mbele zaidi. Ukiuliza ripita imechomekwa wapi, unajibiwa kwa ujasiri kabisa kwamba iko kulekule chumbani ambako waifai ilikuwa haifiki.

Basi hapo tatizo limeshajulikana kwa asilimia kubwa, ila ukimwambia mtu "ripita yako iko mbali na ruta" anakuangalia kama hujielewi, maana simu yake mkononi inamwambia netwaki imejaa. Na simu haidanganyi. Shida ni kwamba imejibu swali ambalo hakuliuliza.

Ile mistari inapima kitu kimoja tu: mawimbi yanayoifikia simu yako kutoka kwenye antena iliyoshikana nayo muda huo. Kama simu imeshikana na ripita iliyo mita mbili kutoka kitandani, mistari itajaa, na itaendelea kujaa hata ukienda kuzima ruta kabisa, kwa sababu ripita nyingi zitaendelea kurusha jina la mtandao wakati nyuma yake hamna kitu. Simu haina habari kwamba hicho kidude si ruta. Haioni kipande cha pili cha safari, kile cha kutoka ripita kwenda kwenye ruta, na hamna mstari wowote kwenye kioo chako unaokionyesha.

Ni sawa na watu watatu wamesimama kwa foleni, wa kwanza anaongea, wa katikati anasikiliza na kurudia, wa mwisho anapokea. Huyo wa katikati akija kukusimamia sikioni kabisa utamsikia vizuri sana, ila kama yeye mwenyewe huko nyuma anashika neno moja kati ya matatu na mengine anaomba yarudiwe, kumsikia vizuri hakukusaidii chochote.

Sasa kwa nini karibu kila mtu anaiweka vibaya? Mi naona ni kwa sababu akili ya kawaida inaelekeza huko. Una chumba ambacho waifai haifiki, umenunua kifaa cha kuleta waifai, unakipeleka kwenye chumba chenye shida. Na ukikiwasha kinakubali! Kinaunganika, kitaa kinawaka, mistari inajaa, yaani kila dalili inakuambia umepatia. Ingekuwa inakataa kabisa kuwaka ingekuwa afadhali, maana mtu angeisogeza. Lakini waifai imetengenezwa kung'ang'ania, inakubali kufanya kazi kwenye mawimbi mabovu sana kwa kupunguza spidi kidogo kidogo mpaka ifike chini kabisa, na haikuambii kwamba imeshuka.

Hapo kwenye kushuka ndo pana utamu wenyewe, tukae hapo kidogo.

Nguvu ya mawimbi inapimwa kwa dBm na namba zake ni hasi, kwa hiyo ikikaribia sifuri ndo nzuri na ikizidi kwenda chini ndo mbaya. Ukisimama karibu na ruta utaona -35 au -40, ukifika -65 bado uko vizuri kwa karibu kila kitu, -70 unaanza kuingia kwenye wasiwasi, na -80 kushuka ni kuhangaika. Kinachowachanganya watu ni kwamba namba hizi hazipandi kama ngazi za kawaida, kila unapopoteza 10 nguvu inakuwa imebaki sehemu moja ya kumi. Kutoka -63 mpaka -82 ukitazama kwa haraka unaona ni tofauti ya 19, sio mbaya, kumbe mawimbi yamedhoofika karibu mara 80.

Ripita ikipokea kwa -82 haiwezi kuelewana na ruta kwa ile lugha ya haraka. Vifaa viwili vya waifai vinapoongea vinachagua kila wakati waongee kwa spidi gani, mawimbi yakiwa mazuri vinabana data nyingi ndani ya muda mfupi, yakiwa mabovu vinaongea taratibu ili kila kimoja kiweze kumsikia mwenzake. Tuchukue mfano wa ripita ya kawaida yenye antena mbili kwenye 2.4 GHz, waifai ya kizazi cha nne. Chaneli ikiwa ya upana wa kawaida wa megahezi 20, spidi ya juu kati yake na ruta ni kama Mbps 130, na ngazi ya chini kabisa wakitumia antena zote mbili ni Mbps 13. Mara kumi. Na zote hizi ni spidi za hewani tu, data halisi unayoipata ukishatoa muda wa kupokezana zamu na kuthibitisha mapokezi huwa ni kama nusu yake hivi, wakati mwingine chini ya hapo.

Huo ndo uzito wa intaneti. Kuyumba kunatoka wapi? Kunatoka kwenye kurudia. Kila kipande cha data kikitumwa kwa waifai, mpokeaji anatakiwa arudishe jibu fupi kwamba kimefika, jibu lisipokuja mtumaji anakituma tena, na tena, kwa kawaida mara kadhaa kabla ya kukata tamaa. Mawimbi yakiwa mazuri hayo yanatokea mara chache na hata huyaoni. Yakiwa pale kwenye ukingo, kitu kidogo kinatosha kuyasukuma upande wa pili: mtu amefunga mlango, mtu amepita korido (mwili wa binadamu una maji mengi na maji yanakula sana mawimbi ya 2.4), jirani amewasha ruta yake kwenye chaneli hiyohiyo, maikrowevu imewashwa. Ripita iliyo karibu na ruta ina akiba, ikipoteza 5 au 6 hapo haijali. Ripita iliyo ukingoni haina akiba yoyote, kwa hiyo kila mlango unaofungwa unausikia kwenye simu yako. Ndo maana watu wanasema "usiku wa manane iko vizuri, jioni inakufa", wanadhani kampuni ya intaneti inawachezea, na inaweza kweli ikawa inawachezea, ila mara nyingi ni kwamba usiku hamna anayetembea wala jirani anayeangalia muvi.

Alafu kuna jambo linaloficha tatizo. Kwa sababu waifai inarudia yenyewe kimyakimya, data iliyopotea mara tatu ikafika mara ya nne inahesabika imefika. Programu zako hazijui kilichotokea, zinachoona ni kuchelewa. Kwa hiyo kwenye ripita iliyowekwa mbali dalili ya kwanza ni muda wa kusubiri unaoruka ruka, na kupotea kwa data kunakuja baadaye hali ikiwa mbaya zaidi. Ukishaona data inapotea kabisa ujue chini yake kuna marudio mengi mno ambayo hukuyaona.

Kipimo chenyewe ni rahisi ajabu na hakihitaji kununua kitu. Unahitaji laptopu, imekaa palepale unapopata shida, imeunganika kwenye ripita. Wazo ni kuzitenganisha zile safari mbili: kwanza uliza ripita peke yake, kisha uliza ruta, ambayo lazima ipitie kwenye ripita. Ruta anwani yake unaipata kwenye Windows kwa kufungua Command Prompt, kuandika `ipconfig` na kuangalia mstari wa `Default Gateway`. Ya ripita unaipata kwenye ukurasa wa setingi za ruta, unaofunguka ukiandika anwani ya ruta kwenye brauza, pale inapoorodhesha vifaa vilivyounganika. Tuseme ruta ni 192.168.1.1 na ripita ni 192.168.1.254, unafanya hivi, kila amri inatuma maswali mafupi 50 na kupima jibu linachukua muda gani kurudi:

```
ping -n 50 192.168.1.254
ping -n 50 192.168.1.1
```

Kwenye Linux au Mac unabadilisha `-n` iwe `-c`. Basi.

Nikupe mfano wenyewe, nyumbani kwa shemeji yangu. Nyumba yake ni ndefu, ruta iko sebuleni mbele, chumba anachofanyia kazi kiko nyuma kabisa, katikati kuna korido na kuta za tofali nzito, na ripita ameichomeka hukohuko ofisini kwake karibu na meza. Kifurushi chake cha intaneti ni cha Mbps 20 na ukikaa sebuleni unapata 19 bila shida. Ofisini anapata 2, mara 5, mara haipimi kabisa, na simu yake ikiwa mezani inasoma -38. Yaani huwezi kutamani mawimbi mazuri kuliko hayo.

Ping ya ripita ilirudi 50 kati ya 50, wastani milisekunde 3, ndefu kuliko zote 9. Safi kabisa. Ping ya ruta ilirudi 44 kati ya 50, yaani asilimia 12 imepotea, wastani milisekunde 187, na ile ndefu kuliko zote 1184. Zaidi ya sekunde nzima kwenda kwenye kifaa kilicho ndani ya nyumba hiyohiyo!

Hapo hamna tena la kubishana. Kipande cha simu na ripita ni kizima, kipande cha ripita na ruta ndo kimekufa, na intaneti ya nje bado hatujaigusa. Angalia pia kwamba ukiutazama wastani peke yake unaweza kusema 187 sio mbaya sana. Usitazame wastani, tazama ile ndefu kuliko zote na tazama jinsi namba zinavyorukaruka, 8, 11, 340, 9, 1184, 15, maana simu ya sauti inauawa na huko kurukaruka kuliko na uchelewaji unaokaa sehemu moja. Na hii ndo sababu vipimo vya spidi vya mtandaoni huwa vinawapotosha watu hapa, kinaweza kukutana na sekunde kumi nzuri kikakupa namba ya kuridhisha na simu ya vidio ikaendelea kukatika kila dakika mbili.

Tulipofungua ukurasa wa ripita yenyewe, sehemu inayoonyesha muunganiko wake na ruta ilikuwa imeandika -82 na spidi 13. Ngazi ya chini kabisa. Ripita nyingi zina taarifa hii humo ndani, nyingine zinaonyesha kwa asilimia tu, na nyingi zina kitaa cha mbele kinachobadilika rangi kulingana na mawimbi yanayotoka kwa ruta. Hicho kitaa ndo mstari wa kweli unaotakiwa kuuangalia, sio wa kwenye simu, na kwa bahati mbaya watu wengi wanaona kimewaka nyekundu au chungwa wanadhani ni urembo.

Kuna ripita ambazo hazijibu ping, kwa hiyo usipopata jibu kwenye anwani ya kwanza usishtuke, pima ya ruta tu kisha sogea na laptopu mpaka karibu na ruta, uunganike na ruta yenyewe, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili itakuambia kilekile.

Sasa kusogeza. Na hapa lazima nieleze hesabu kidogo kwa sababu bila hesabu mtu hakubali kuisogeza ripita iondoke chumbani kwake.

Ripita ya redio moja inatumia chaneli ileile kupokea kutoka kwa ruta na kurusha kwako. Haiwezi kufanya vyote kwa pamoja, inapokea kwanza kisha inarusha, kwa hiyo kila data inalipiwa muda wa hewani mara mbili. Ukijua spidi ya kipande cha kwanza na cha pili, spidi ya safari nzima unaipata kwa kuzidisha hizo mbili kisha kugawa kwa jumla yake:

```
spidi = (A x B) / (A + B)
```

Ofisini kwa shemeji, ruta kwenda ripita ilikuwa 13, ripita kwenda simu ilikuwa 130. Kuzidisha unapata 1690, jumla ni 143, ukigawa ni kama 11.8. Ona hapo: ile 130 ya mwisho, ile iliyojaza mistari yote, haikuleta chochote, hata ungeifanya iwe 1000 jibu lisingefika 13. Ukitoa ile nusu ya gharama za hewani inabaki kama 6, kisha toa marudio yote, unafika kwenye ile 2 mpaka 5 aliyokuwa anaiona. Hesabu inakubaliana na maumivu yake.

Tukatafuta sehemu nyingine. Namna ya kutafuta ni hii: unaizima ripita kwanza. Usiruke hatua hii, maana kama ripita inatumia jina lilelile la ruta utakuwa unazunguka nyumba nzima unapima mawimbi ya ripita ukidhani ni ya ruta. Ukishaizima unachukua simu yenye apu ya kuonyesha dBm, au laptopu (Windows inakupa asilimia na spidi ya hewani kwa `netsh wlan show interfaces`, Linux inakupa dBm kwa `iw dev wlan0 link`, ila badilisha `wlan0` kama kadi yako ina jina lingine), unatembea taratibu kutoka kwa ruta kuelekea kwenye chumba chenye shida, unasimama kila penye soketi unasubiri namba itulie. Unatafuta soketi ya mbali kuliko zote ambayo bado inasoma kati ya -60 na -65. Ikikulazimu unaweza kwenda mpaka -70, zaidi ya hapo unajitafutia yaleyale.

Kwa shemeji soketi ya korido ilisoma -63. Watu wanapenda kusema "weka katikati", na ni ushauri mzuri wa kuanzia, ila katikati ya mita si lazima iwe katikati ya mawimbi. Kama mita kumi za kwanza ni wazi na ukuta mzito wote uko mwishoni, sehemu nzuri inaweza kuwa mbali kuliko nusu. Kama ruta imefichwa nyuma ya televisheni au iko karibu na ukuta wa zege lenye nondo, nusu ya njia inaweza kuwa imeshachelewa. Na kama una uwezo wa kusogeza ruta yenyewe hata mita moja kutoka nyuma ya televisheni, anza na hilo kabla hujagusa ripita.

Ripita ikaingia korido. Ukurasa wake ukaonyesha -63 na spidi 104. Simu pale mezani ofisini ikashuka kutoka -38 hadi -66, na spidi yake na ripita ikawa 52. Weka kwenye hesabu: 104 mara 52 ni 5408, gawa kwa 156, unapata kama 34.7. Karibu mara tatu ya mwanzo, na simu imepoteza mistari! Kipimo kikatoa 15 na kikatulia hapohapo, ping ya ruta ikarudi yote 50, wastani 6, ndefu kuliko zote 31.

Shemeji akaangalia simu yake, hakuangalia kipimo. "Shem, mbona mistari imepungua? Ilikuwa imejaa hii."

Nikamwambia apige simu ya vidio kwanza alafu ndo tuzungumze habari ya mistari. Alipiga. Ila kusema ukweli bado haamini, na naambiwa wiki iliyofuata aliirudisha ofisini akakaa nayo siku nzima kuhakikisha kwamba mi sijamdanganya, kisha akairudisha korido bila kuniambia. Simlaumu, maana mistari ndo lugha pekee ambayo simu imemfundisha.

Kuna mtu mwingine mule ndani ambaye hakulalamika lakini alikuwa anaumia, nae ni yule anayekaa sebuleni karibu na ruta. Hewa ya waifai ni moja kwa wote walio kwenye chaneli hiyo, anayeongea taratibu anashika zamu kwa muda mrefu na wengine wote wanasubiri. Kipande cha data cha kawaida ni baiti 1500, yaani biti 12,000. Kwa spidi ya 130 kinapita kwa karibu milisekunde 0.09. Kwa spidi ya 13 kinachukua milisekunde 0.92, na kama kimerudiwa mara tatu uzidishe. Kwa hiyo ripita ikiwa inahangaika kule nyuma kuvuta vidio, inakula hewa ya nyumba nzima kwa kazi ndogo, na yule wa sebuleni anaona gemu lake linasitasita bila kujua kwa nini. Nimeshaona watu wakiongeza kifurushi kwa ajili ya hili, wakalipa zaidi kila mwezi, na hakuna kilichobadilika.

Kifurushi kikiwa ndo shida utajua kwa vipimo vilevile: ping ya ripita nzuri, ping ya ruta nzuri na imetulia, lakini ukipiga ping ya anwani iliyo nje kwenye intaneti inaruka. Hapo achana na ripita, haina kosa. Vilevile usiende upande wa pili ukaiweka ripita mita mbili kutoka kwa ruta kwa kuogopa, maana hapo itakuwa inarudia mawimbi pale ambapo tayari yapo, utapata kipande cha kwanza kizuri sana na cha pili kibovu, na ile hesabu haijali kipi kati ya viwili ndo kibovu.

Kama ripita yako ni ya bendi mbili una nafasi ya ziada. Unaweza kuiambia iongee na ruta kwa 5 GHz na irushe kwa simu kwa 2.4, au kinyume chake, na hapo redio mbili zinafanya kazi kwa pamoja, ile adhabu ya kulipia hewa mara mbili inaondoka na spidi inakuwa ya kile kipande kilicho dhaifu zaidi. Lakini 5 GHz inachoka haraka kwenye kuta, kwa hiyo ripita iliyowekwa mbali ndo ya kwanza kuipoteza, nyingi zinarudi zenyewe kwenye 2.4 kimyakimya na we unabaki unajisifu una ripita ya bendi mbili. Ingia kwenye ukurasa wake uangalie inatumia ipi kweli.

Jambo lingine linalofanana na hili lakini si hili: umetoka ofisini umefika sebuleni, uko pembeni ya ruta na bado spidi mbovu. Simu nyingi zikishashikana na ripita haziiachi mpaka mawimbi yake yawe mabaya sana, kwa hiyo unaweza kukaa mita moja na ruta huku simu yako inapitia korido na kurudi. Zima waifai ya simu uwashe tena, ikipona ujue ndo hiyo. Wakati wa kupima mi napendelea kuipa ripita jina tofauti na la ruta ili nijue nimeshika nini, tukimaliza mwenye nyumba akitaka jina moja tunaunganisha.

Na kama umepima soketi zote ukakosa hata moja yenye -65 ambayo pia inafikisha mawimbi kule unakotaka, ukubali kwamba ripita moja haitoshi nyumba hiyo. Usiunganishe ripita ya pili nyuma ya ya kwanza kwenye chaneli ileile, utakuwa umeongeza zamu ya tatu ya hewani na kila kitu kinapungua tena. Vuta waya wa mtandao kutoka kwa ruta mpaka chumba cha nyuma. Ripita nyingi zina tundu la waya na ndani ya setingi zake kuna modi inayoitwa `AP` au `Access Point`, ukiichagua inaacha kusikiliza hewani inapokea kila kitu kwenye waya, na hapo ndo unaruhusiwa kuichomeka palepale mezani, mita mbili kutoka kwenye simu, kama shemeji alivyotaka tangu mwanzo.